Breki ya eksozi, breki ya kompresheni au ritada: ipi ikushushe mlimani na mzigo kamili?

Lori linalotoka Tunduma na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam litaushuka mlima wa Kitonga likiwa na mzigo kamili, na tela likilisukuma kwa nyuma. Kwa hiyo anayetafuta gari la njia hiyo hukwama kwenye swali lilelile: achukue lenye breki ya eksozi peke yake, ambalo ni nafuu, atafute lenye breki ya kompresheni, au aongeze pesa apate lenye ritada? Zote tatu zinafanya kazi moja, kulizuia lori bila kugusa dramu za magurudumu. Lakini kila moja ina mahali pake pa kuchoka, na hapo ndipo penye uamuzi.

Dramu zinabeba nini

Tuchukue mfano. Lori lina tani 56, ambacho ndicho kikomo cha juu kinachoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki, na mteremko ni wa asilimia 6 kwa urefu wa kilomita 7. Mteremko halisi hubadilika kila kona, lakini mfano huu unatosha kupigia hesabu.

Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mlima unalisukuma lori hilo kwa nguvu ya kilowati 275 hivi. Matairi kukokotana na lami yanapunguza kama 32. Zinabaki kilowati 243 ambazo lazima kitu fulani kizimeze, sekunde baada ya sekunde, kwa muda wa dakika 14. Mwendo ukiwa 40, zinazohitaji kumezwa zinakuwa zaidi ya 320. Ukiwa 20, zinashuka hadi 162. Mlima haujabadilika, ila haraka ya kuushuka ndiyo inayoamua mzigo wa breki.

Sasa tuseme dereva ameweka nyutro na anashuka kwa breki za magurudumu tu. Lori la ekseli 7 lina dramu 14, na tukikadiria kila moja kuwa na kilo 50 za chuma, jumla ni kilo 700. Joto la mteremko wote likiingia humo, na upepo usipoliondoa, chuma hicho kinapanda kwa nyuzi zaidi ya 550. Upepo utaondoa sehemu, lakini haiwezi kutosha. Laini za breki nyingi huanza kupoteza ukali zikifika kati ya nyuzi 250 na 300. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: dramu ikipata moto inapanuka na kukimbia viatu vya breki. Fimbo ya chemba ya upepo inalazimika kwenda mbali zaidi kuvifikisha viatu, mpaka inafika mwisho wa safari yake. Geji ya upepo inaonyesha umejaa, pedali imekanyagwa hadi chini, na gari haliitiki. Kabla ya hapo dalili huwa zipo: harufu kali ya laini zinazoungua, moshi mwembamba kwenye magurudumu ya tela, na mguu unaohitaji kukandamiza zaidi kupata matokeo yaleyale.

Tunalinganisha kwa vipimo gani

Broshua huandika namba moja kubwa ya kilowati na kuishia hapo. Namba hiyo haitoshi. Kwa kila mfumo nitauliza mambo manne: unatoa nguvu kiasi gani kwa mwendo wa mlimani, na kwa muda gani bila kuchoka, unategemea gia na mizunguko ya injini kiasi gani, joto linakwenda wapi, na ukiharibika unajulikanaje. Utelezi nitauzungumzia kwa pamoja baadaye, kwa sababu unaikamata mifumo yote mitatu kwa njia moja.

Breki ya eksozi

Hii ndiyo iliyozoeleka zaidi, tangu kwenye Isuzu na Fuso za mizigo ya kati hadi malori mengi makubwa. Ndani ya bomba la eksozi kuna kipepeo cha chuma. Ukibonyeza swichi, upepo unakisukuma kipepeo kikafunga bomba, dizeli inakatwa, na pistoni zinabaki kuusukuma moshi kwenye njia iliyozibwa. Kazi hiyo ya kusukuma ndiyo inayolizuia gari.

Nguvu yake ina ukomo, na ukomo huo uko kwenye springi za valvu. Shinikizo likizidi ndani ya bomba, linazifungua valvu za eksozi kwa nyuma zikiwa zinapaswa kukaa zimefunga. Ndiyo maana watengenezaji huacha kipepeo kivujishe kidogo. Injini ya lita 12 ya aina ya zamani itakupa kilowati 130 hivi ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Ikiwa kwenye 1,200, utapata chini sana ya hapo. Kwa hiyo gia ni kila kitu: gia nzito, mizunguko juu, ndipo breki hii inaamka.

Turudi kwenye mfano wetu. Kwa kilomita 30 kwa saa tunahitaji 243 na eksozi inatoa 130. Zaidi ya 110 zinakwenda kwenye dramu kwa dakika 14, na hizo zinatosha kuzipandisha dramu kwa nyuzi 260 hivi kabla upepo haujapunguza. Hapo uko kwenye ukingo. Ukishuka kwa kilomita 20, kilichobaki kwa dramu ni kilowati 32 tu, na ingawa safari inachukua dakika 21, ongezeko la joto ni kama nyuzi 115. Upepo unalimudu hilo vizuri. Lori lilelile, breki zilezile, tofauti ni gia moja au mbili.

Muda hauisumbui breki hii. Joto lake kubwa linatoka na moshi, na linaloingia kwenye maji ya rejeta ni kidogo, kwa hiyo unaweza kuiacha imewaka mteremko mzima.

Ubovu wake ni rahisi kuugundua. Masizi yakishika ekseli ndogo ya kipepeo, kinakwama. Kikikwama wazi, unabonyeza swichi na husikii mlio kubadilika wala gari kukazwa. Kikikwama nusu, shida inakuja kwenye kupanda: gari linakosa nguvu, moshi mweusi, injini inachemka, na fundi asiyejua ataanza kufungua tabo. Angalia pia maungio ya manifodi. Mistari ya masizi meusi pale inaonyesha shinikizo linavuja, na kila linapovuja breki inapungua. Spea zake ni nafuu, na fundi wa kawaida anaimudu.

Breki ya kompresheni

Historia yake inaanzia kwenye mteremko. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli wa Marekani, alikuwa kwenye lori likishuka Cajon Pass huko California, breki zikazidiwa, na wakaponea chupuchupu kugonga treni ya mizigo iliyokuwa ikivuka barabara. Aliikumbuka siku hiyo miaka mingi, na baada ya kustaafu akabuni breki inayotumia injini yenyewe. Kampuni ya Jacobs ilianza kuiuza mwaka 1961.

Wazo lake linahitaji kueleweka. Pistoni ya dizeli inapopanda inaibana hewa kwa nguvu kubwa. Ungefikiri hiyo inatosha kulizuia gari, lakini hewa iliyobanwa ni springi: pistoni ikianza kushuka, hewa inaisukuma chini na kurudisha karibu yote iliyochukua. Breki ya kompresheni inafungua valvu za eksozi kidogo tu pistoni inapokaribia juu kabisa. Hewa iliyobanwa inatoroka kwenye eksozi, springi inakosa cha kurudisha, na kazi yote ya kubana imepotea. Injini imegeuka pampu ya hewa inayoendeshwa na magurudumu.

Nguvu yake ni karibu mara mbili ya eksozi peke yake. Injini za kisasa za lita 13, kama za Volvo zenye breki hii pamoja na kizuizi cha moshi, hufika kilowati 375 kwenye mizunguko 2,300. Tukichukua lori lenye 300 kwenye mizunguko 2,200, mfano wetu wa kilomita 30 kwa saa unamalizika bila kugusa pedali, na unabaki na akiba. Kwa 40, dramu zinaombwa kama kilowati 23 tu.

Utegemezi wa gia uko palepale. Ukiwa kwenye mizunguko 1,300 hizo 300 hazipo. Kwenye malori mengi ya Ulaya geji ya mizunguko ina eneo la bluu juu ya lile la kijani. Kijani ni cha kuvutia mzigo kwa dizeli kidogo, bluu ni cha kuzuia. Dereva aliyefundishwa asitoke kijani atashuka mlima na breki nzuri isiyofanya kazi. Mpaka wa juu nao uheshimiwe: sindano ikiingia nyekundu kwa kusukumwa na mlima, valvu zinaweza kukutana na pistoni, na kukata dizeli hakutasaidia kitu kwa sababu dizeli ilishakatwa.

Joto hapa nalo linatoka zaidi na eksozi, hivyo haichoki kwa urefu wa mlima. Kelele ndiyo kasoro yake. Inalia kama bunduki ya rasharasha, hasa eksozi ikiwa imetoboka, na usiku kwenye makazi ya watu ni kero.

Ufundi wake unadai uangalifu kuliko eksozi. Inaendeshwa na mafuta ya injini yenye shinikizo, kwa hiyo mafuta machafu au machache yanaifanya ichelewe kuwaka au isiwake kwenye baadhi ya silinda. Utalisikia: mlio unaopaswa kuwa wa mfululizo unakuwa na mapengo. Na mtu akirekebisha tapeti kwa kukisia bila kupima nafasi ya breki yenyewe, ama breki inadhoofika ama valvu zinapigwa. Muulize fundi kama ana vipimo vya injini hiyo hasa kabla hajafungua kifuniko.

Ritada ya mafuta

Ritada inakaa nyuma ya giaboksi na inashika propela shafti moja kwa moja. Ndani kuna magurudumu mawili yenye mapezi yanayotazamana, moja linazunguka, jingine limefungwa lisizunguke. Ukivuta kiwiko karibu na usukani, upepo unasukuma mafuta katikati yao. Linalozunguka linayarusha mafuta kwa lililosimama, yanagonga, yanarudi, na kila mzunguko unakula nguvu ya gari. Hakuna vyuma vinavyosuguana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Voith na ZF ndio majina makubwa, na Scania wana ya kwao.

Kuiendesha ni raha. Inafanya kazi hata unapobadilisha gia, ina hatua za kuongeza na kupunguza, haina kelele, na nyingi zinaweza kushikilia mwendo uliouchagua. Abiria wa basi hata hawaisikii.

Sasa tuzitazame zile namba za broshua. Ritada ya Scania ya toleo jipya imeandikwa nyutoni-mita 4,100 na kilowati 500. Zote mbili ni kweli, ila kilowati 500 zinahitaji propela izunguke kwa kasi. Tuchukue nyutoni-mita 4,000, ekseli yenye uwiano wa 3.4 na tairi la kawaida: kwa kilomita 30 kwa saa unapata kilowati 227 hivi, na kwa kilomita 60 unapata 450. Kinachobaki vilevile ni nguvu ya kushika, na katika mfano wetu wa tani 56 inakosa kidogo kutosha. Mwendo utapanda taratibu mpaka uongeze breki ya eksozi. Mifumo mingi huziwasha zote mbili pamoja yenyewe, na hilo ni jambo la kuhakikisha kwenye gari unalonunua.

Suala zito zaidi ni joto. Ritada hailitoi joto nje. Inaliingiza kwenye mafuta, mafuta yanalipeleka kwenye maji ya injini, na rejeta inabaki na kazi yote. Rejeta ya lori kubwa inaweza kuondoa mfululizo pengine kilowati 300, siyo 500. Ukizidisha, sindano ya joto inapanda, na kompyuta inaipunguza ritada yenyewe ili isiunguze mafuta. Hapo dereva aliyekuwa ameizoea anapoteza sehemu ya breki katikati ya mlima, mwendo ukiwa tayari mkubwa na dramu zikitakiwa kubeba ghafla. Dawa yake ni gia nzito tena. Ritada haihitaji mizunguko ya injini ili ishike, lakini pampu ya maji na feni vinaihitaji. Anayeshuka na ritada akiwa kwenye gia nyepesi, injini ikizunguka polepole, anaipasha moto kwa mkono mmoja na kuinyima maji kwa mwingine.

Ubovu unaotisha ni kuvuja kwa kipoza mafuta, kile kifaa ambamo mafuta na maji hupita jirani. Fungua kifuniko cha tanki la maji injini ikiwa imepoa. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, au utelezi kwenye kidole, kuna tundu. Kwenye ritada inayotumia mafuta ya giaboksi, maji yanaweza kwenda upande wa pili na giaboksi nzima ikafa. Anayejaza maji ya bomba matupu badala ya maji ya rejeta yenye dawa anakaribisha kutu, na kutu inaziba rejeta ambayo ritada inaitegemea. Spea ni ghali, na mafundi wanaoijua hawapo kila mji.

Ipo pia ritada ya sumaku, maarufu kwa jina la Telma, inayoonekana zaidi kwenye mabasi. Inatoa joto moja kwa moja hewani bila kugusa rejeta, lakini ni nzito, inadai umeme mwingi, na inapopata moto nguvu yake inashuka. Kwa lori la tani 56 sioni sababu ya kuitafuta kama nyingine zinapatikana.

Mvua, na gari tupu

Mifumo yote mitatu inashika magurudumu ya kuvuta tu. Tela halishikwi hata kidogo. Kwenye lami kavu na mzigo kamili hakuna tatizo. Lakini mvua ya kwanza ikilowesha vumbi na dizeli iliyodondoka barabarani, au lori likiwa tupu, magurudumu ya kuvuta yanaweza kuteleza wakati tela linaendelea kusukuma, na kichwa kinajikunja. ABS ikiwa nzima huzima breki hizi yenyewe ikihisi utelezi. Ikiwa taa ya ABS imewaka na imepuuzwa kwa miezi, usiitegemee. Hapa ritada ina faida kidogo kwa sababu ya hatua zake: unaweza kuvuta hatua moja ukaacha. Breki ya eksozi kwenye magari mengi inawaka yote au haiwaki.

Kwa hali yako

Kama unapita milima michache na mzigo wa tani 20 au 30, au una Isuzu ya mizigo ya kati, breki ya eksozi iliyo safi na gia nzito vinatosha. Pesa ya ziada iweke kwenye dramu, laini na marekebisho ya breki za tela.

Kama unabeba mzigo kamili kila safari kupitia Kitonga au miteremko ya Mbeya, na unaajiri madereva tofauti, breki ya kompresheni inakufaa kwa sababu haichoki na urefu wa mlima na haitegemei rejeta. Sharti ni fundi anayejua tapeti zake.

Kama gari lako ni la Ulaya lenye huduma inayopatikana njiani, na dereva ni mmoja anayelitunza, ritada itakupa safari tulivu na laini zitadumu muda mrefu zaidi. Mizigo ya maji kwenye matangi nayo inaipenda, kwa sababu inazuia taratibu na mzigo hautikiswi kwa ghafla. Mwenye barabara za vumbi na matope yanayoziba rejeta afikirie mara mbili.

Kama una breki ya eksozi tu na mlima ni mkali, chagua gia kabla ya kilele, siyo baada ya gari kuanza kukimbia. Breki za magurudumu zisishikiliwe kidogokidogo mlima mzima. Kanyaga sawasawa mpaka mwendo upungue kwa kilomita 8 hivi, achia kabisa dramu zipumue, mwendo ukirudi pale ulipoanzia rudia. Na usiweke nyutro. Kwenye mteremko mrefu wa Sachangwan kuelekea Salgaa, Kenya, madereva wamelaumiwa kwa miaka kufanya hivyo ili kuokoa mafuta, wakati dizeli ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu nje ya pedali hainyunyizi mafuta kabisa. Nyutro ndiyo inayoyatumia, kwa kuiacha injini izunguke bure.

Kama unanunua lori lililotumika, omba lijaribiwe kwenye mteremko injini ikiwa imepata moto. Toa mguu, washa mfumo, na angalia kama mwendo unashuka bila pedali. Kisha simamisha, na elekeza kipimajoto cha mkononi kwenye dramu za pande zote mbili za kila ekseli. Zilizo baridi kabisa baada ya kufunga breki hazishiki, na wenzake ndio wanaobeba zamu yake. Bei ya kuzirekebisha ijadiliwe hapohapo, kabla ya kuzungumzia breki ya eksozi, ya kompresheni au ritada.